Mstari mweupe kichwani: kwa nini picha iliyotolewa mandharinyuma huonekana imebandikwa

Studio za picha za Kariakoo, na vile vibanda vya picha za haraka vilivyo jirani na vyuo na ofisi za serikali, vina ubishi mmoja usioisha. Mtu amepigwa picha kwa simu mbele ya ukuta wa nyumbani, na sasa anataka picha ya paspoti yenye bluu nyuma kwa ajili ya maombi ya kazi. Fundi anaondoa ukuta, anaweka bluu, anaprinti. Mteja anaishika, anaisogeza karibu na macho, kisha anauliza: "Kaka, mbona kichwani kuna mstari mweupe?" Hapo kila mtu ana jibu lake. Mmoja atasema simu ni ya bei rahisi. Mwingine atasema programu ya fundi si ya kulipia. Wa tatu, ambaye amewahi kushika kompyuta, atasema ongeza Feather, yaani ulainishe ukingo wa pale ulipomkata mtu.

Ushauri wa huyo wa tatu ndio unaoharibu kazi nyingi, kwa sababu unafanana sana na ukweli. Feather ina nafasi yake, lakini ikitumiwa peke yake huweza kuufanya mstari huo uwe mpana zaidi. Ili kuona kwa nini, lazima kwanza tujue mstari wenyewe umetoka wapi.

Tuanze na maneno machache. Picha ya kidijitali ni vijiraba vidogo vya rangi viitwavyo pikseli. Unapomzungushia mtu alama ili kumtenga na ukuta, eneo ulilolizungushia linaitwa uteuzi, na mpaka wake ndio ukingo. Uteuzi ukigeuzwa kuwa maski, pikseli zilizomo ndani zinaonekana na za nje zinafichwa. Kuna kazi tatu tunazoweza kuufanyia ukingo kabla ya kuficha chochote. Ya kwanza ni kuulainisha, ili picha isikome ghafla bali ififie kidogo kidogo. Photoshop na GIMP, programu mbili za kuhariri picha, zote huiita Feather. Ya pili ni kuusogeza ndani, yaani kuubana uteuzi kwa pikseli kadhaa kila upande. Photoshop huiita Contract na GIMP huiita Shrink. Ya tatu ni kuuboresha pale ambapo mpaka haueleweki, kama kwenye nywele, na kwa Photoshop kazi hiyo hufanyika kwenye dirisha la Select and Mask.

Ukingo una rangi mbili kwa wakati mmoja

Watu wengi hudhani kwamba ngozi inapoishia ndipo ukuta unapoanzia, na kwamba kazi ya fundi ni kufuata mstari huo kwa mkono usiotetemeka. Ukikuza picha hadi asilimia 400 utaona mambo si hivyo. Kati ya shavu na ukuta kuna safu ya pikseli mbili, tatu au nne ambazo si shavu na si ukuta. Lenzi haikati kwa wembe, na kila kijiraba cha kamera kilichoangukia mpakani kimepokea mwanga wa pande zote mbili na kuuchanganya kuwa rangi moja. Pikseli ya mpakani ni chai ya maziwa: huwezi kuchukua kisu ukatenganisha chai na maziwa, maana kila tone lina vyote viwili.

Tuweke hesabu ndogo, kwa kupima mwangaza tu. Kompyuta hupima mwangaza kuanzia 0, ambayo ni nyeusi kabisa, hadi 255, ambayo ni nyeupe kabisa. Tuseme ngozi ya shavu ina 80, ukuta wa krimu una 240, na pikseli moja ya mpakani imechukua nusu kwa nusu. Itasomeka 160. Mbele ya ukuta ule haikusumbua mtu yeyote, kwa sababu 160 iko katikati ya 80 na 240, na jicho lilipita bila kukwama. Sasa ondoa ukuta, weka bluu yenye mwangaza wa 110. Pikseli ile bado ni 160. Inang'aa kuliko ngozi iliyo kulia kwake na kuliko bluu iliyo kushoto kwake. Zipange pikseli kama hizo kuzunguka kichwa kizima na huo ndio mstari mweupe wa mteja wetu. Ni mabaki ya ukuta wa nyumbani kwake.

Simu ya bei kubwa ingepunguza upana wa safu hiyo kidogo tu, isingeiondoa. Na programu ya kulipia haina uchawi kuhusu pikseli hii mpaka mtu aiambie cha kufanya.

Kwa nini Feather peke yake haitoshi

Sasa fuata ushauri wa kuongeza Feather. Programu itaufanya ukingo ufifie: pikseli za ndani zionekane zote, za nje zisionekane, na za kati zionekane robo, nusu, robo tatu. Pikseli yetu ya 160 tuseme imepewa nusu. Kinachoonekana sasa ni nusu ya 160 na nusu ya bluu ya 110, jumla 135. Bado inang'aa kuliko jirani zake wote wawili. Ingekuwa imechanganyika sawasawa, nusu ngozi ya 80 na nusu bluu ya 110, ingesomeka 95. Kwa hiyo ulaini tumeupata, ila maziwa ya zamani bado yamo kikombeni. Mstari umepungua ukali, lakini haujaondoka.

Kuna jambo baya zaidi. Feather haifanyi kazi upande wa ndani tu. Mstari wa uteuzi hubaki pale pale ulipokuwa kama alama ya nusu, na ulaini hutawanyika pande zote mbili: kiasi fulani kinaingia ndani ya shavu na kiasi kama hicho kinatoka nje kwenye ukuta. Ukiweka Feather kubwa, pikseli ambazo ni ukuta mtupu, zilizokuwa zimeshatupwa nje, zinarudishwa kwa mlango wa nyuma zikiwa zimefifia. Ndiyo maana unakuta picha za harusi na za mahafali ambazo mtu amezungukwa na ukungu wa krimu, utafikiri amesimama kwenye moshi. Aliyezitengeneza aliona mstari, akaongeza Feather. Akaona bado, akaongeza tena.

Kwenye skrini hili ni gumu kuligundua kwa sababu ya ile mistari ya vidoti inayotembea kuzunguka uteuzi. Watu huiamini kana kwamba ndiyo mpaka kamili. Vidoti hivyo vinapita tu mahali ambapo uteuzi umefika nusu. Havionyeshi kilichofifia nje yake. Ukichagua eneo dogo na kulipa Feather kubwa mno, Photoshop yenyewe hukuonya "No pixels are more than 50% selected", yaani uteuzi upo lakini vidoti havitaonekana kabisa. Ukitaka kuona ulaini halisi kwenye Photoshop, bonyeza Q: sehemu zisizochaguliwa zitafunikwa na wekundu, na wekundu huo utafifia pale pale uteuzi unapofifia.

Bana kwanza, kisha lainisha

Dawa ya mabega, nguo, mashavu na masikio ni kuusogeza ukingo ndani kabla ya kuulainisha. Ukiubana uteuzi vya kutosha, safu ile ya pikseli zilizochanganyika inabaki nje na kutupwa. Ukingo mpya unakaa kwenye ngozi tupu ya 80. Ukiulainisha sasa, kinachofifia ni ngozi safi kuingia kwenye bluu, na ile hesabu ya 95 inapatikana.

Swali linalofuata huwa ni pikseli ngapi. Hapo ndipo wengi hukariri namba moja na kuitumia kila picha, wakati picha yenyewe inakuambia. Tafuta ndani ya picha mpaka mwingine ulio kwenye umbali sawa na uso kutoka kwenye kamera, mathalani ukosi wa shati jeupe unapokutana na koti jeusi. Kuza hadi uzione pikseli moja moja, kisha hesabu ni ngapi ziko katikati ya nyeupe kamili na nyeusi kamili. Hicho ndicho kipimo cha ulaini wa kamera hiyo katika picha hiyo. Uteuzi wako kwa kawaida utakuwa umepita katikati ya safu kama hiyo, kwa hiyo kubana kwa nusu ya upana wake kunatosha kuitoa nje. Feather nayo ichague ili ukingo mpya ufanane na ule wa ukosi. Ukingo mkali kuliko ukosi utaonekana umekatwa kwa mkasi. Ukingo laini kuliko ukosi utaonekana na ukungu.

Tuchukue picha moja tuifanye yote. Ni dada anayeomba kazi, nywele zake za asili amezichana zikasimama, amevaa koti jeusi na blauzi nyeupe, hereni ndogo za duara, nyuma yake ukuta wa krimu. Faili imetoka kwenye simu ikiwa na pikseli 3024 kwa 4032. Picha ya paspoti ya milimita 35 kwa 45, ikiprintiwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 413 kwa 531 tu. Fundi mwenye haraka hupunguza picha kwanza ifike 413, kisha ndipo anakata. Usifanye hivyo. Kata kipande chenye uwiano wa paspoti kikiwa bado kikubwa, tuseme 1652 kwa 2124, ambacho ni mara nne kamili ya kile cha mwisho, na ufanye kazi yote ya ukingo humo.

Tunapokuza ukosi wa blauzi hii tunakuta pikseli kama nne za mpito. Basi tunachagua mtu, tunaingia Select > Modify > Contract na kuandika 2. Kisha Select > Modify > Feather na kuandika 1. Feather ya 1 kwenye Photoshop hutawanyika pikseli chache tu kila upande, kwa hiyo karibu ulaini wote unaishia ndani ya zile pikseli mbili tulizozibana na haufiki kwenye ukuta mtupu. Halafu tunaweka maski badala ya kufuta, ili kosa lolote liweze kurekebishwa kwa brashi: nyeupe inarudisha, nyeusi inaficha.

Picha hii ikipunguzwa mara nne, pikseli 2 tulizobana zinakuwa nusu pikseli. Hakuna atakayegundua kwamba uso umepungua. Lakini aliyepunguza picha kwanza na kisha akabana 2, amemega sawa na pikseli 8 za picha yetu kubwa, kila upande. Masikio yamekonda, shingo imekonda, na mama mtu akiiona atauliza kama mwanawe alikuwa anaumwa. Namba ni ileile kwa wote wawili, ila kila mmoja ameipa faili ya ukubwa tofauti. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi huwa naweka 2", muulize kwenye picha ya ukubwa gani.

Wanaotumia GIMP njia ni Select > Shrink na kisha Select > Feather, ila namba za Feather hazilingani na za Photoshop. GIMP kwa namba ileile hutoa ulaini mdogo zaidi. Amini macho na ule ukosi, usiamini namba uliyoisikia kwa jirani.

Kubana kuna madhara mawili ambayo ni vyema kuyategemea. La kwanza ni kwamba kitu chembamba humegwa kutoka pande zote mbili. Hereni yenye waya wa pikseli 4 ukiibana kwa 2 inatoweka yote. Ni vivyo hivyo kwa mkono wa miwani, pini ya hijabu, uzi wa kofia ya mahafali. Vitu hivyo virudishe kwa brashi nyeupe ndogo kwenye maski baada ya kubana. La pili hutokea chini ya picha, mabega yanapokutana na ukingo wa faili yenyewe. Ukibana hapo pia, utepe mwembamba wa bluu unajitokeza chini ya koti, na mtu anaonekana anaelea. Kwenye dirisha la Contract la Photoshop kuna kisanduku kilichoandikwa "Apply effect at canvas bounds". Kiache bila alama. Kwenye Shrink ya GIMP kuna "Selected areas continue outside the image". Hicho kitie alama. Vinaelekea pande tofauti lakini lengo ni moja, programu ijue kwamba mwili unaendelea nje ya picha.

Nywele hazibanwi

Hadi hapa koti na shavu viko safi. Nywele za dada huyu ni habari nyingine kabisa, na ndizo zinazotofautisha kazi ya dakika tano na kazi ya fundi.

Nywele za kipilipili zilizochanwa hazina mstari wa mwisho. Katikati ni nyeusi kamili, kisha zinaanza kuwa wavu, kisha ni vizingo vidogo vilivyo vyembamba kuliko pikseli moja, na ukuta unachungulia katikati ya kila kizingo. Hapa safu ya mchanganyiko haina upana wa pikseli nne. Inaweza kuwa 30 au zaidi. Ukibana kiasi cha kuitoa yote umemnyoa mtu, na kichwa kinabaki kama kofia laini ya plastiki. Nimeziona picha nyingi za dada zetu zilizofanyiwa hivyo, na inaniuma, kwa sababu nywele ni sehemu ya sura ya mtu na anayetazama kitambulisho anahitaji kumtambua.

Kinachotakiwa hapa ni programu ikadirie, kwa kila pikseli, nywele ni sehemu gani na ukuta ni sehemu gani. Kwenye Photoshop fungua Select and Mask. Humo kuna brashi inayoitwa Refine Edge Brush. Pitisha brashi hiyo kwenye eneo la wavu tu, kuanzia pale weusi kamili unapoanza kupasuka hadi pale ukuta unapobaki peke yake. Usiipitishe kwenye shavu wala kwenye koti, kwa kuwa hapo kuna mpaka ulio wazi na programu ikianza kukisia itautoboa. Kuna pia kitelezi cha Radius, ambacho hueleza upana wa eneo la kukisia kuzunguka uteuzi mzima, na Smart Radius, ambayo huruhusu upana huo ubadilike kati ya nywele na mabega. Kwa picha ya mtu mimi huacha Radius ndogo na kuzifanyia nywele kazi kwa brashi. Utii wa brashi ni mkubwa zaidi.

Baada ya hapo umbo la nywele litakuwa sahihi, wavu wote umo. Lakini kumbuka chai yetu. Programu sasa inajua kwamba pikseli fulani ni nywele kwa asilimia 40, na itaionyesha kwa asilimia 40, ila rangi iliyomo ndani yake bado ni nywele iliyochanganyika na krimu ya ukuta. Juu ya bluu utaona kichwa kimezungukwa na unga wa kijivu. Watu wengi hukata tamaa hapa, wakarudi kubana.

Kinachofuata ni kubadilisha rangi yenyewe. Chini ya dirisha lilelile kuna "Decontaminate Colors". Ukikiwasha, programu inachukua rangi ya pikseli za karibu ambazo ni nywele tupu na kuzipaka zile zilizochanganyika, huku ikiacha kiwango cha kufifia kama kilivyo. Weusi wa ndani unasambaa hadi kwenye vizingo vya nje, na unga unatoweka. Kwa kuwa kazi hii inabadilisha pikseli halisi, Photoshop hupeleka matokeo kwenye tabaka jipya, mithili ya karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha, na kuacha la asili salama. Usivute kitelezi chake hadi mwisho bila kuangalia. Kikizidi, rangi ya nywele humwagika kwenye paji la uso, na masikio hupata kivuli ambacho hakikuwepo. Ikitokea hivyo, tumia tabaka hilo kwa nywele tu na lile lililobanwa kwa uso na mabega, kila moja na maski yake.

Kwenye GIMP, au ukiwa na toleo la zamani la Photoshop, kazi hiyohiyo hufanyika kwa mkono. Ukishapata kipande kilichokatwa, funga uwazi wa tabaka ili brashi isipake nje ya umbo, kisha chukua Clone, brashi inayonakili sehemu moja ya picha na kuipaka kwingine, chota rangi ndani ya nywele na upake ukingoni polepole. Uwazi haubadiliki, rangi ndiyo inayobadilika. Ni kazi ya subira, lakini matokeo yake hayana tofauti ambayo mteja ataiona.

Kuna njia ya tatu ambayo mafundi wa zamani huipenda, na kwa nywele nyeusi mbele ya ukuta mweupe ni nzuri mno. Chukua nakala ya picha ya asili, iweke juu ya bluu, na ubadilishe namna yake ya kuchanganyika iwe Multiply. Kwa Multiply, nyeupe kamili haiachi alama yoyote na nyeusi hubaki nyeusi. Ukitumia Levels, kifaa cha kurekebisha mwangaza, kuusukuma ukuta mpaka uwe 255, ukuta wote unatoweka na nywele zinabaki zimesimama juu ya bluu, hata kile kizingo chembamba ambacho hakuna brashi ingekifuata. Maski ya nakala hii iache eneo la nywele tu, na juu yake weka yule mtu uliyemkata vizuri. Sharti lake ni kwamba mandharinyuma mapya yawe angavu kuliko nywele. Mtu mwenye mvi akiwekwa kwenye nyekundu iliyokolea, njia hii haimsaidii, kwa sababu mvi nazo zitatoweka pamoja na ukuta.

Kwa wanaovaa hijabu au kofia, yote haya ya nywele hayahitajiki. Kitambaa kina mpaka wazi. Bana, lainisha, maliza. Ushungi wenye tarizi ya matundu ni tofauti, huo utendee kama nywele.

Jinsi ya kujua kama kazi imekubali

Makosa ya ukingo hujificha kulingana na rangi iliyo nyuma yake. Mabaki ya ukuta mweupe hayaonekani ukiweka mandharinyuma meupe, na mabaki ya mlango wa mbao nyeusi hayaonekani ukiweka meusi. Kwa hiyo kabla ya kuweka bluu, itazame kazi juu ya nyeusi kisha juu ya nyeupe. Select and Mask ina mitazamo hiyo tayari, On Black na On White. Juu ya nyeusi utaona kila chembe ya ukuta uliobaki. Juu ya nyeupe utaona mahali ulipotoboa bega au kumega sikio. Ikipita kote kuwili, haitakuaibisha juu ya bluu.

Itazame kwa asilimia 100 na usiishie hapo kwenye 400. Ukikuza sana kila ukingo utaonekana na kasoro, na utaanza kurekebisha vitu ambavyo karatasi ya milimita 35 haiwezi hata kuvionyesha.

Kuna chanzo kimoja cha matatizo ambacho hakuna kitelezi kitakachokitibu vizuri, na hapa Dar es Salaam kiko kila mahali: picha iliyofika kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Programu hiyo huipunguza na kuibana picha ili isafiri haraka. Ubanaji wa aina ya JPEG hugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kwa kawaida huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwangaza. Matokeo yake ni kwamba rangi ya ukuta inamwagika ndani ya shavu kwa pikseli kadhaa, na kuzunguka nywele kunakuwa na vumbi la vijiraba. Ile safu ya pikseli nne sasa inaweza kuwa nane, na wavu wa nywele umegeuka bonge. Mwambie mteja aitume tena kama dokumenti. Hapo faili hufika kama ilivyotoka kwenye simu. Ukombozi huu hauhitaji ujuzi wowote na huokoa nusu saa.

Kingine ni mwanga wa ukuta uliomwangukia mtu mwenyewe. Aliyesimama karibu na ukuta wa kijani kwenye jua la saa nane ana kijani kwenye taya na kwenye ukosi wa shati, mbali ndani ya ukingo. Kubana hakufiki huko, na Decontaminate Colors haifiki huko. Unahitaji tabaka jipya juu ya mtu, lililowekwa namna ya Color, na kupaka kwa brashi hafifu rangi ya ngozi iliyochotwa upande wa shavu usiopigwa na kijani. Kama mteja bado yuko mbele yako na mchana bado upo, ni rahisi zaidi kumsogeza hatua mbili kutoka ukutani na kumpiga upya.